Notisi ya Madai: Jina la Barua kwa Mkandarasi Aliyetelekeza Jengo

Mkandarasi akichukua fedha nyingi za awali, akainua kuta hadi kwenye linta kisha akatoweka, hatua ya kwanza ya mwenye nyumba huwa kumwandikia waraka ambao mawakili wengi wa Tanzania bado wanauita dimandi notisi. Kwa Kiswahili waraka huohuo huitwa barua ya malalamiko, barua ya madai au notisi ya kusudio la kushtaki, kila mtu na lake. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini, kutokuwa na jina moja kumezidi kuwa tatizo, maana jina ndilo linalomwongoza mwandishi aweke nini ndani. Naona istilahi inayofaa ni notisi ya madai, na hesabu ya jengo lenyewe inaonyesha kwa nini.

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 40. Mwenye nyumba amelipa milioni 24, na mkadiriaji majenzi anathaminisha kazi iliyofanyika, kwa bei za mkataba, kuwa milioni 15. Mkandarasi mwingine anataka milioni 27 kumalizia. Mwenye uchungu huandika, "Nirudishie milioni 24 zangu," na hapo anajidhoofisha, kwa kuwa msingi na kuta za milioni 15 zimebaki kiwanjani kwake. Wengine hudai milioni 9 zilizolipwa kupita kazi, wakaongeza juu yake milioni 11 za gharama ya ziada ya kumalizia. Nao wanadai hasara ileile mara mbili. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana na uvunjaji huo. Kama mkandarasi asingeondoka, mwenye nyumba angebakiza milioni 16 tu za kulipa. Sasa atalipa 27. Hasara yake ni milioni 11, na ndani yake zimo zile 9 pamoja na milioni 2 za kupanda kwa bei. Hicho ndicho kiasi cha kuandikwa, ripoti ya mkadiriaji, stakabadhi za malipo na picha za jengo zikiambatanishwa.

Kwa hiyo barua ya malalamiko haitoshi: malalamiko hueleza maudhi, madai hutaja kiasi na msingi wake. Wapo watakaosema kwamba magazeti yamelizoesha neno madai kumaanisha tuhuma zisizothibitishwa. Ni kweli, lakini mahakamani neno hilo lina makao yake ya siku nyingi: shauri la madai husimama upande wa pili wa shauri la jinai. Anayepokea notisi ya madai anajua mara moja kwamba anadaiwa haki ya mkataba, hashtakiwi kwa wizi. Tofauti hiyo inamlinda hata mwandishi, asijaze barua matusi na vitisho vya polisi.

Notisi ya kusudio la kushtaki, kwa upande wake, inataja tishio na kuacha dai. Tena ina kazi yake nyingine: anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa na sheria kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Mkandarasi binafsi hana haki ya siku hizo, na mwenye nyumba akidhani anazo anampa miezi mitatu ya bure. Neno ilani nalo ni zuri, ila siku hizi wengi wakilisikia hukumbuka chama na uchaguzi. Notisi limekwisha kuwa la kwetu. Mpangaji yeyote analijua, na linabeba kile ambacho barua peke yake haikibebi, yaani muda wenye mwisho.

Kiini cha waraka basi kinaweza kusomeka hivi: "Ndani ya siku 14 tangu upokee notisi hii, unilipe shilingi 11,000,000 kama zilivyochanganuliwa hapo juu. Usipolipa, nitafungua shauri la madai bila kukuarifu tena." Yapo maoni kwamba kumwandikia ni kumpa nafasi ya kuficha mali. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kuufupisha muda, sio kuiacha notisi. Mkandarasi akijibu kwa maandishi kwamba alipokea fedha lakini vifaa vilipanda bei, jibu hilo ni ushahidi wa malipo. Akinyamaza, nakala yenye saini yake ya kupokea itaonyesha kwamba alipewa nafasi ya kulipa. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba notisi haisimamishi saa ya sheria: shauri la mkataba lina ukomo wa miaka 6.

Mawakili, makarani wa mahakama na watunzi wa kamusi waiite notisi ya madai. Nawe unayeiandika, usiitie saini kabla hujapata thamani ya kazi iliyofanyika na bei ya kuimalizia.