Kutoka .xls hadi AutoSave: jinsi kitabu cha kazi kinavyohifadhiwa

Kitabu cha kazi cha Excel hubeba laha kadhaa, fomula, chati, rangi na pengine makro, lakini aina ya faili anayoichagua mtumiaji wakati wa kuhifadhi ndiyo inayoamua ni vitu vipi kati ya hivyo vitabaki. Excel ilitoka mwaka 1985 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka 1987 ikaingia kwenye Windows. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata, faili zake kwenye Windows ziliishia na .xls. Faili hizo ziliandikwa kwa namna ambayo programu tu ndiyo iliyoweza kuisoma. Mtu akizifungua kwa kihariri cha kawaida cha maandishi haoni cha maana. Tangu toleo la Excel 97, laha moja ya .xls haikuweza kuzidi mistari 65,536 na safu 256.

Excel 2007 ilileta .xlsx, ambayo laha yake ina nafasi ya mistari 1,048,576 na safu 16,384. Muundo wa ndani nao ulibadilika kabisa. Faili ya .xlsx ni kifurushi cha zip chenye faili ndogo ndogo za XML. Anayetaka kuliona hili kwa macho yake atengeneze nakala ya faili yoyote ya .xlsx, abadilishe mwisho wa jina lake uwe .zip, kisha aifungue. Atakuta folda iitwayo xl, na ndani yake folda ya worksheets yenye sheet1.xml, ambayo ni laha ya kwanza iliyoandikwa kwa maandishi yanayosomeka. Faida yake ni kubwa. Kwa kuwa kila laha ina sehemu yake, faili ikiharibika mara nyingi kuna sehemu zinazoweza kuokolewa. Muundo huu ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, kwa jina la ISO/IEC 29500, hivyo programu nyingine pia huweza kuusoma. Makro zilitengwa makusudi: .xlsx haizihifadhi, na mwenye makro kwa kawaida hutumia .xlsm.

Hata hivyo .xls haikufa, na madhara yake yalionekana wazi Uingereza mwaka 2020, katikati ya janga la korona. Maabara zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa faili za CSV, ambazo hazina ukomo wa mistari. Taasisi ya afya ya umma ya huko, Public Health England, iliyaingiza majibu hayo kwenye vitabu vya kazi vya .xls. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, kwa hiyo laha ilijaa mapema kuliko mtu angedhani, na yote yaliyozidi mstari wa 65,536 yakaachwa nje. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku za taifa. Wenyewe walipata majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Kwa .xlsx, laha hiyo ingekuwa na nafasi mara 16 zaidi. Kazi ya ukubwa huo ilistahili hifadhidata tangu mwanzo, lakini aina ya faili ndiyo iliyoamua ni mgonjwa gani anahesabiwa na yupi anaachwa.

CSV nayo ina mitego yake. Ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Kitabu chenye laha 5 kikihifadhiwa kwa CSV, huhifadhiwa laha iliyo mbele tu; fomula huwa matokeo, na chati na rangi hupotea. Mtego mbaya zaidi hujitokeza faili inapofunguliwa tena. Namba ya simu ya Tanzania au Kenya ina tarakimu 10 na huanza na sifuri. CSV ikifunguliwa kwa kubofya mara mbili, Excel huichukulia kuwa hesabu ya kawaida, huiondoa sifuri, na zinabaki tarakimu 9. Hapo data ya asili bado ni salama ndani ya faili, lakini mtu akibonyeza Ctrl+S sifuri hupotea moja kwa moja. Dalili ni rahisi kuiona: namba zote zimesogea upande wa kulia wa seli. Njia salama ni kuiingiza faili kupitia Data > From Text/CSV na kuipa safu hiyo aina ya Text.

Upande wa kuokoa kazi nao umepita hatua zake. Excel za miaka ya 1990 zilikuwa na programu ya nyongeza iliyohifadhi kila baada ya muda juu ya faili yenyewe, hivyo makosa nayo yalihifadhiwa. Excel 2002 iliiacha njia hiyo na kuleta AutoRecover, ambayo huandika nakala ya pembeni, kwa kawaida kila baada ya dakika 10, bila kuigusa faili ya asili. Mtumiaji akifunga kitabu chake vizuri, nakala hiyo hufutwa.

Tuseme mhasibu amehifadhi kitabu chake saa 3:00 asubuhi na kuendelea kuingiza risiti. Nakala za AutoRecover zinaandikwa saa 3:10 na saa 3:20, kisha umeme unakatika saa 3:27. Anapoifungua Excel tena, upande wa kushoto hutokea kidirisha cha Document Recovery chenye matoleo mawili: la saa 3:00 alilohifadhi mwenyewe, na la saa 3:20. Risiti za dakika 7 za mwisho zimepotea na itabidi aziingize upya. Toleo la saa 3:20 alihifadhi kwanza kwa jina jingine, alilinganishe na la asili, ndipo aamue libaki lipi. Akikifunga kidirisha bila kuhifadhi, anaweza kulikosa kabisa.

Mwaka 2010 ndipo ilipokuja nafuu kwa aliyebonyeza Don't Save kwa bahati mbaya kwenye kitabu kipya. Kama AutoRecover ilikwishaandika nakala, huwekwa kando na kupatikana kwa File > Info > Manage Workbook > Recover Unsaved Workbooks. Kitabu kilichofunguliwa na kufungwa ndani ya dakika chache hakitakuwepo, kwa sababu hakuna nakala iliyowahi kuandikwa. Wanaopata umeme wa kukatikakatika wapunguze muda wa AutoRecover hadi dakika 2 au 3 kupitia File > Options > Save.

AutoSave, iliyoanza mwaka 2017 kwa wanaolipia Office 365, ni kitu kingine kabisa. Huhifadhi kila baada ya sekunde chache, tena juu ya faili yenyewe, mradi faili iko OneDrive au SharePoint. Faili iliyo kwenye diski ya kompyuta pekee hainufaiki nayo, wala ile ya .xls. Hatari yake ni kwa wenye mazoea ya kufungua ripoti ya mwezi uliopita, kubadilisha takwimu, kisha kutoa Save As. Wanapofika hatua hiyo, ripoti ya zamani imekwisha kubadilishwa. Yawapasa kuanza na Save a Copy kabla ya kugusa seli yoyote. Aliyechelewa afungue Version History, achague toleo la kabla ya mabadiliko na kulirudisha.

Nakala za Recover Unsaved Workbooks hukaa kwenye kompyuta siku 4 tu, kisha hufutwa. Anayegundua kuwa amepoteza kazi aitafute siku hiyohiyo.