Kusoma lebo ya pakiti: chumvi kiasi gani imo kwenye tambi, sosi na vitafunwa

Mtu mwenye shinikizo la juu la damu akifika kituo cha afya, mara nyingi huambiwa apunguze chumvi. Akirudi nyumbani hupunguza ile anayotia kwenye sufuria, akadhani kazi imekwisha. Lakini chumvi nyingine ameinunua dukani bila kuiona: imo ndani ya tambi za pakiti, kyubu ya mchuzi, sosi ya chupa na krispi za watoto. Njia ya kuijua ni kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti.

Katika maduka ya makazi kama Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, bidhaa hutoka viwanda na nchi mbalimbali, na kila kiwanda huandika kwa mtindo wake. Makala hii inaeleza namna ya kuzisoma lebo hizo zote kwa hesabu moja.

Chumvi na sodiamu si kitu kimoja

Chumvi ya kupikia imeundwa kwa vitu viwili, sodiamu na kloridi. Sodiamu ndiyo inayopandisha shinikizo la damu ikizidi mwilini. Katika kila gramu 1 ya chumvi mna takriban miligramu 400 za sodiamu. Kilichobaki ni kloridi. Kwa hiyo namba ya kukumbuka ni moja tu, 400:

- Gramu za chumvi × 400 = miligramu za sodiamu
- Miligramu za sodiamu ÷ 400 = gramu za chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi. Hiyo ni sawa na kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa juu, kisichokuwa na kilima. Kiasi hicho ni cha siku nzima, na kinajumlisha chumvi ya sufuria, ya mezani na ya kwenye pakiti. Watoto wanatakiwa kula kidogo zaidi, kwa kuwa miili yao na chakula chao ni kidogo.

Wanaopokea chakula cha msaada watambue jambo moja. Kapu la kawaida la msaada huhesabu takriban gramu 5 za chumvi kwa mtu kwa siku. Familia ikipika chumvi hiyo yote, kila mtu mzima amekwisha kufika kwenye kikomo chake kabla hajafungua pakiti yoyote ya dukani.

Mambo matatu ya kutazama kwenye lebo

Geuza pakiti utafute jedwali dogo la maelezo ya lishe. Ndani yake utaona ama neno “Sodium”, ambalo wakati mwingine hufupishwa “Na”, ama neno “Salt”. Kwenye bidhaa zenye maandishi ya Kifaransa, chumvi huandikwa “Sel”. Ukiona neno la chumvi, zidisha kwa 400 upate sodiamu. Ukiona neno la sodiamu, usizidishe chochote.

Jambo la pili ni kipimo kilichotumika: gramu au miligramu. Herufi “g” peke yake ni gramu, na “mg” ni miligramu. Gramu 1 ni miligramu 1,000. Lebo inayosema sodiamu 0.8 g inaonekana kuwa na namba ndogo, lakini hiyo ni miligramu 800, karibu nusu ya kikomo cha siku.

Jambo la tatu ndilo linalowakosesha watu wengi. Namba zilizo kwenye jedwali huwa ni za gramu 100 za bidhaa, au za kile kiwanda kinachokiita mlo mmoja, “serving”. Mlo huo unaweza kuwa mdogo kuliko unachokula. Pakiti ya tambi yenye gramu 70 inaweza kuandikwa kwamba ina milo miwili ya gramu 35. Wewe ukiimaliza pakiti nzima, umekula mara mbili ya namba iliyoandikwa. Kwa hiyo tazama kwanza uzito wa pakiti, kisha uliza: namba hii ni ya gramu ngapi, na mimi nakula ngapi?

Tambi za pakiti

Chukua pakiti ya gramu 70 ambayo lebo yake inasema sodiamu ni miligramu 1,600 katika gramu 100. Gawanya 1,600 kwa 100, kisha zidisha kwa 70. Unapata miligramu 1,120. Gawanya kwa 400 ujue chumvi yake: gramu 2.8. Bakuli moja limechukua zaidi ya nusu ya chumvi ya siku nzima.

Sehemu kubwa ya sodiamu hiyo kwa kawaida imo kwenye kipakiti kidogo cha viungo, ingawa tambi zenyewe nazo huwa zimetiwa chumvi kiwandani. Ukichemsha tambi, ukamwaga maji ya kwanza, kisha ukatia nusu tu ya kipakiti, utapunguza kiasi kikubwa. Hutaweza kujua kwa uhakika umebakiza miligramu ngapi, kwa sababu lebo hujumlisha tambi na viungo pamoja. Jambo la hakika ni kutokuongeza chumvi nyingine juu yake, na kutoinywa supu yote iliyobaki kwenye bakuli.

Kyubu na sosi

Kyubu ya mchuzi ni ndogo, kwa hiyo watu huiona kama kiungo tu. Lakini kwa kyubu nyingi, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ikiwa lebo inasema chumvi ni gramu 55 katika gramu 100, kyubu ya gramu 10 ina gramu 5.5 za chumvi, yaani miligramu 2,200 za sodiamu. Ikiingia kwenye sufuria ya watu watano, kila mmoja anapata miligramu 440. Kosa la kawaida ni kutia kyubu kisha kutia na chumvi ileile ya siku zote.

Sosi zipimwe kwa kijiko, kwa sababu hakuna anayekula gramu 100 za sosi kwa mara moja. Kijiko kikubwa cha mezani huchukua takriban mililita 15. Sosi ya soya ndiyo kali zaidi: kijiko hicho kimoja huwa na karibu miligramu 900 za sodiamu. Tomato sosi ina kidogo zaidi, kwa kawaida kati ya miligramu 100 na 200 kwa kijiko kikubwa, lakini ni rahisi kumimina vijiko vitatu bila kujua. Mimina kwenye kijiko kwanza, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Vitafunwa, na kwa nini ulimi si mizani

Krispi zikiguswa na ulimi huonekana kuwa na chumvi nyingi kuliko tambi. Hesabu mara nyingi husema kinyume. Pakiti ndogo ya gramu 30 yenye chumvi gramu 1.5 katika gramu 100 ina gramu 0.45 za chumvi, yaani miligramu 180 za sodiamu. Chumvi ya krispi iko juu, ulimi unaikuta mara moja. Chumvi ya tambi, mkate na biskuti imechanganyika ndani, na huisikii sana.

Ukitaka kulinganisha vitafunwa viwili haraka pale dukani, tazama safu ya gramu 100. Lebo za rangi za Uingereza hutumia kipimo kinachofaa popote: zaidi ya miligramu 600 za sodiamu, yaani gramu 1.5 za chumvi, ni nyingi. Miligramu 120 au chini ya hapo ni kidogo. Krispi za mfano wetu ziko mpakani kabisa. Pakiti moja ndogo haina shida kubwa, lakini pakiti ya gramu 150 itakupa miligramu 900.

Kama hakuna jedwali la lishe, soma orodha ya viambato. Hupangwa kwa uzito, kinachozidi kikitangulia. Chumvi ikiwa miongoni mwa vitatu vya kwanza, bidhaa hiyo huenda ikawa na chumvi nyingi. Kitafunwa kinachouzwa kwenye mfuko mweupe usio na maandishi hakihesabiki, kwa hiyo usikifanye cha kila siku.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mfano wa mama aliyeambiwa apunguze chumvi. Asubuhi anakula pakiti nzima ya tambi zetu: 1,120. Mchana anakula posho na maharage ya sufuria ya watu watano, iliyotiwa kyubu moja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kyubu inampa 440, na chumvi ya kijiko inampa 400. Alasiri anakula pakiti ndogo ya krispi: 180. Jumla ni miligramu 2,140. Amepita kikomo, na chakula cha jioni bado.

Akiacha krispi pekee, atabaki na 1,960, na jioni hana nafasi tena. Lakini akigawana pakiti ya tambi na mwanawe, na kuongeza yai na sukuma wiki isiyotiwa chumvi, anapata 560. Akiacha kyubu kwenye maharage na kubakiza kijiko cha chumvi, anapata 400. Krispi anabaki nazo, 180. Jumla sasa ni 1,140, na ana miligramu 860 za chakula cha jioni.

Tumebakiza chumvi na kuondoa kyubu kwa sababu chumvi yenye madini ya joto hukinga na uvimbe wa tezi ya shingo. Itumie, ila kidogo.

Tahadhari tatu

Maji ya chumvichumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha, yale ya pakiti ya kituo cha afya, yana sodiamu kwa makusudi. Usiyapunguze wala kuyazidisha. Changanya kama ulivyoelekezwa.

Chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi yenye sodiamu kidogo mara nyingi huwa na potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za moyo au za shinikizo la damu, amuulize mhudumu wa afya kabla ya kuitumia.

Na anayemeza dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu amepunguza chumvi. Siku ya kwenda kliniki, abebe pakiti tupu za vyakula anavyonunua mara kwa mara. Mhudumu akiziona ataweza kumwambia ni kipi cha kuanza kupunguza.