Duara la E: historia fupi ya alama iliyoanzia Jeniva ikafika Bariadi

Ubavuni mwa tairi, kwenye kioo cha taa kubwa na kwenye kitambaa kilichoshonwa katika mkanda wa kofia ya bodaboda kuna duara dogo lenye herufi E na namba ndani yake. Madukani Bariadi namba hiyo hutajwa mara nyingi kama uthibitisho wa asili ya bidhaa: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Majina hayo ya nchi ni sahihi. Kosa liko kwenye maana inayobandikwa juu yake, kwamba tairi yenye E4 imetengenezwa Uholanzi. Mkataba unaosimamia alama hii utatimiza miaka 70 Machi 2028, na historia yake ndiyo inayoeleza namba ile inamtaja nani hasa.

Yote yalianza na mipaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari ya Ulaya yalikuwa yakivuka kutoka nchi moja hadi nyingine kila siku, huku kila nchi ikiwa na sheria zake kuhusu taa, breki na vioo. Kiwanda kilichotaka kuuza taa moja katika nchi tano kililazimika kuipeleka kupimwa mara tano. Mwaka 1952 Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, yenye makao yake Jeniva, iliunda kikundi kazi cha wataalamu wa ujenzi wa magari, kinachojulikana hadi leo kwa jina la WP.29. Tarehe 20 Machi 1958 kazi yao ilizaa mkataba, na mkataba huo ukaanza kutumika Juni 1959.

Wazo lake linaweza kusemwa kwa sentensi moja: kifaa kikipimwa na kuidhinishwa katika nchi moja mwanachama, wanachama wengine wanaotumia kanuni ileile wanakikubali bila kukipima upya. Ili forodha na polisi wajue kwamba kifaa kimeshapita, kinatiwa alama. Ili wajue pia nani wa kuulizwa kikileta matatizo, ndani ya alama inawekwa namba ya nchi iliyotoa idhini. Kanuni ya kwanza kabisa, iliyoanza kutumika Agosti 1960, ilihusu taa kubwa za mbele. Kanuni za mikanda ya usalama, kofia za pikipiki, vioo na matairi zilifuata moja baada ya nyingine, na leo zimepita 150.

Namba hazikugawiwa kwa ukubwa wa nchi wala kwa alfabeti. Waanzilishi walipewa tarakimu za mwanzo: Ujerumani 1, Ufaransa 2, Italia 3, Uholanzi 4, Uswidi 5, Ubelgiji 6. Waliofuata walipata zao kwa mpangilio wa kujiunga. Ndiyo maana orodha hii inasomeka kama kitabu cha historia ya Ulaya. Hungaria ina 7 na Chekoslovakia ilipewa 8, nchi za kambi ya Mashariki zikikaa meza moja na za Magharibi wakati wa Vita Baridi, kwa kuwa nazo zilikuwa na malori ya kuvusha mipaka. Ujerumani Mashariki ilikuwa na 15. Nchi hiyo ilipofutika mwaka 1990 namba yake ilibaki wazi. Chekoslovakia ilipogawanyika, Cheki ilibaki na 8 na Slovakia ikapewa 27. Yugoslavia ilikuwa 10, sasa ni ya Serbia, huku Kroatia ikipata 25 na Slovenia 26.

Tuchukue tairi moja tuisome. Hiace nyingi zinazobeba abiria kati ya Bariadi na Lamadi hutumia tairi ya saizi 195R15C. Ubavuni, karibu na saizi, kuna 106/104R. Namba 106 inamaanisha tairi ikiwa peke yake upande mmoja wa ekseli inabeba kilo 950. 104 inamaanisha zikifungwa mbili mbili kila moja inabeba kilo 900. R ni mwendo wa juu wa kilomita 170 kwa saa. Mahali pengine ubavuni kuna duara la E4, na pembeni 54R ikifuatiwa na namba ndefu inayoanza na 00. Hapo 54 ni namba ya kanuni ya matairi ya magari ya biashara. Tairi za magari madogo zina kanuni yao, namba 30, na za pikipiki zina namba 75. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ndefu zinaonyesha toleo la kanuni lililotumika kupima, na zinazobaki ni namba ya jalada la idhini hiyo.

Jalada hilo liko Uholanzi, kwenye mamlaka ya magari inayoitwa RDW. Tairi yenyewe huenda imetoka China. China haimo katika mkataba wa 1958, kwa hiyo haina namba na haiwezi kutoa idhini hii. Kiwanda cha China kinachotaka kuuza Ulaya kinakwenda kwenye mamlaka ya nchi mwanachama, sampuli zake zinapimwa, na mamlaka inatia saini. Uholanzi imekuwa mlango unaotumiwa sana kwa kazi hiyo, na ndiyo sababu E4 imejaa kwenye matairi ya Asia. India nayo haina namba, lakini matairi yake yanabeba alama kwa njia hiyohiyo. Anayetaka kujua tairi ilitengenezwa wapi atafute maneno ya nchi yaliyoandikwa ubavuni, si namba ya duara.

Saini hiyo haitolewi bure. Chini ya kanuni ya 54 tairi hufungwa kwenye rimu, hujazwa upepo na kukandamizwa juu ya ngoma ya chuma inayozunguka, huku mzigo au mwendo ukiongezwa hatua kwa hatua. Kwa tairi za malori hatua ya mwisho huchukua saa 24 na mzigo wake huzidi kidogo uzito ulioandikwa ubavuni. Tairi ikichanika, ikivimba au ikiachana tabaka, haipati alama. Baada ya hapo nchi iliyoidhinisha inabaki na wajibu wa kukagua kama kiwanda kinaendelea kutengeneza tairi ileile iliyopimwa. Hapa mfumo huu unatofautiana na herufi DOT za Marekani zinazoonekana ubavu uleule. Marekani haimo kwenye mkataba wa 1958. Kule mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba ametimiza sheria, na serikali hukagua baadaye.

Kwa miaka zaidi ya 30 duara hili lilikuwa jambo la Ulaya. Marekebisho ya mwaka 1995 yalifungua mlango kwa nchi za mabara mengine. Japani ilijiunga mwaka 1998 na kupewa 43. Australia ilifuata kwa 45, kisha Afrika Kusini mwaka 2001 kwa 47. Kikundi kazi cha Jeniva nacho kikabadili jina mwaka 2000 na kuwa jukwaa la dunia la kuoanisha kanuni za magari. Barani Afrika wakaongezeka Tunisia kwa 58, Misri kwa 62 na Nigeria kwa 63. Katika Afrika Mashariki, Uganda imeingia katika muongo huu.

Tanzania haimo, na kwa hiyo hakuna duara lenye namba yetu. Bidhaa zinazoingia nchini zinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, kwa viwango vyake yenyewe. Kwa mnunuzi wa Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, duara la E ni ushahidi wa ziada tu. Kukosekana kwake pia si lazima kuwe kasoro: gari lililotumika Japani kwa soko la ndani linaweza kuja na vifaa visivyo na alama hiyo lakini vilivyotengenezwa vizuri.

Kuna mahali pawili ambapo ushahidi huo una kazi hasa huku kwetu. Mahali pa kwanza ni taa kubwa. Taa za Ulaya hurusha mwanga mrefu zaidi upande wa ukingo wa barabara na kuushusha upande wa magari yanayokuja. Kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, kanuni inataka kioo cha taa kiwe na mshale mlalo unaoelekea kulia kwa mtu anayeitazama taa kwa mbele. Taa isiyo na mshale imeundwa kwa wanaoendesha kulia. Yenye mshale wa pande mbili inaweza kurekebishwa kwa wote. Fundi akifunga taa ya E1 isiyo na mshale kwenye gari la Bariadi, alama yake ni halali, lakini mwanga wake mrefu utampiga machoni dereva anayetoka Lamadi.

Mahali pa pili ni kofia ya bodaboda. Kanuni yake ni namba 22, na alama halisi haikai kwenye stika ya nyuma. Iko kwenye kitambaa kilichoshonwa katika mkanda wa kidevuni. Baada ya duara kunakuwa na namba inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni, kisha herufi: J ni kofia isiyo na kinga ya kidevu, P ni yenye kinga iliyopimwa, na NP ni yenye kipande cha kidevu ambacho hakikupimwa kama kinga. Stika yenye E peke yake, bila namba ya nchi wala ya idhini, haina mtu wa kuulizwa nyuma yake. Vivyo hivyo namba isiyo na mwenyewe: 15, 33, 38, 41 na 44 hazina nchi, na bidhaa mpya inayozibeba imechorwa na mtu asiyejua orodha.

Hata alama ya kweli ina mipaka. Inahusu sampuli iliyopimwa ikiwa mpya. Haisemi tairi imekaa stoo juani miaka mingapi. Umri usomeke kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, ambapo 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Haisemi pia itavumilia vipi magunia ya pamba yaliyozidi uzito kwenye barabara ya changarawe ya Meatu, kwa maana ngoma ya maabara ni laini na mzigo wake unajulikana.

Nchi inayojiunga leo hupewa namba inayofuata, haichagui. Inaweza kuanza kwa kutambua idhini za wengine tu, chini ya kanuni ilizozikubali. Kutoa idhini zake yenyewe kunataka mamlaka inayotunza majalada, maabara yenye ngoma na vifaa vya kupima, na wakaguzi wa kurudi kiwandani mwaka hadi mwaka. Hayo ndiyo yanayoipa namba uzito, na nchi isiyo na viwanda vingi vya vipuri inaweza kuona faida kubwa zaidi katika kusoma namba za wengine kwa usahihi kabla ya kugharamia yake.