Rufaa ya Mwanafunzi Muuguzi: Kinachopingwa ni Utaratibu, Si Alama

Mwanafunzi muuguzi aliyefeli mtihani wa vitendo huona njia mbili za kuandika rufaa. Ya kwanza ni kuomba huruma: ada ililipwa kwa taabu, mama ni mgonjwa, wadogo zake wanamtegemea. Ya pili ni kusisitiza kwamba alifanya vizuri na mtahini hakumwona. Zote mbili ni dhaifu. Huruma haimthibitishii mtu yeyote kwamba mgonjwa atakuwa salama mikononi mwake, na madai ya kufanya vizuri yanaiomba kamati iamini kumbukumbu ya mtahiniwa dhidi ya fomu iliyojazwa papo hapo. Barua yenye uzito hudai jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba kituo hakikupima kile kilichotangazwa kwamba kitapimwa.

Dai hilo linatokana na namna mtihani wenyewe ulivyoundwa. Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walipouelezea mtihani wa vituo mwaka 1975, walitaka kupunguza bahati nasibu ya nani kapewa mgonjwa gani na mtahini gani. Kila mtahiniwa apite vituo vile vile, akute kazi ile ile, apimwe kwa orodha hakiki ile ile. Usawa huo ukivunjika, alama hupoteza msingi wake hata kama mtahini alikuwa mwadilifu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili yuko kituo cha kuweka mpira wa mkojo kwenye sanamu ya mwanamke. Amenawa, amevaa glavu tasa, amesafisha, ameingiza mpira. Orodha hakiki ina hatua moja iliyowekewa nyota, maana ukiikosa unafeli kituo kizima: kuhakikisha mkojo unatoka kabla ya kujaza puto. Sababu yake inajulikana wodini. Puto la mililita 10 likijazwa ndani ya njia ya mkojo badala ya kibofu, huchana na kumwaga damu. Sasa mpira umeingia na hakuna kinachotoka. Mwanafunzi anasita, anamtazama mtahini, anaambiwa, “Endelea.” Anajaza puto. Amefeli. Baadaye wenzake wanamweleza kwamba tangi la maji ndani ya sanamu lilikuwa tupu, na lilijazwa kabla ya kundi lililofuata kuingia.

Barua yake inahitaji mambo machache tu. Chini ya “Yah:” ataje mtihani, tarehe na namba ya kituo. Aeleze kilichotokea kwa mfuatano wake, likiwamo lile neno “Endelea” kama lilivyotamkwa. Aombe kumbukumbu za kituo zikaguliwe ili ijulikane tangi lilijazwa saa ngapi, na fomu za kundi lake zilinganishwe na za kundi lililofuata kwa hatua ile yenye nyota. Ikiwa waliofeli hatua hiyo wamerundikana upande mmoja, fomu zitasema zenyewe. Asimwite mtahini mwonevu; hana ushahidi wa hilo wala hauhitaji. Kama siku hiyo alikuwa mgonjwa, hiyo ni hoja nyingine yenye cheti chake, na akiichanganya na hii ataziharibu zote mbili.

Kuna pingamizi zito, na barua isilikwepe. Muuguzi makini asingejaza puto hata akiambiwa aendelee, angesema kwa sauti, “Mkojo haujatoka, sijazi.” Ni kweli, na ndiyo maana hastahili kupewa alama ya kufaulu. Lakini katika sanamu watahiniwa huzoea kuchukulia kwamba baadhi ya mambo hayaonekani, na agizo la mtahini kwenye chumba cha mtihani si sawa na ushauri wa mwenzako wodini. Kituo kile kilipima utiifu wake kwa mtahini, tena chini ya hali ambayo kundi lililofuata halikukutana nayo.

Mpaka huu kati ya uamuzi wa kitaaluma na utaratibu umewekwa hata kisheria kwingineko. Nchini Uingereza na Wales, Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 2004 inaliondoa suala la uamuzi wa kitaaluma katika malalamiko ya wanafunzi ambayo chombo huru kinaweza kuyasikiliza. Kasoro za utaratibu hazikuondolewa. Mantiki yake inaeleweka: asiyekuwepo kituoni hawezi kuhukumu mkono wa mtahiniwa, ila anaweza kukagua tangi.

Kwa hiyo ombi la mwisho liwe na kiasi. Asiombe alama ibadilishwe. Aombe matokeo ya kituo hicho yafutwe, arudie kituo hicho peke yake mbele ya mtahini mwingine, sanamu ikiwa imekaguliwa, na jaribio hilo lihesabiwe kuwa la kwanza ili lisimpunguzie nafasi za kurudia. Kumbukumbu zikithibitisha tangi lilikuwa tupu, kamati haina sababu ya kumnyima. Zikionyesha lilikuwa limejaa, rufaa ikataliwe na arudie kama wengine waliofeli.