Kasi na Kidatu: Kupunguza Mwendo wa Rekodi za Fasihi Simulizi

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, eneo la Walikale, mtambaji Shekarisi Rureke alisimulia na kuimba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliunakili kwa mkono. Tafsiri yake, iliyofanywa pamoja na Kahombo Mateene, ilichapishwa mwaka 1969. Kalamu humlazimisha mwandishi kwenda kwa mwendo wa mtambaji. Kinasa sauti kilileta uwezo wa kurudia, lakini kilizua tatizo jingine: namna ya kupunguza kasi ya rekodi bila kuharibu kidatu cha sauti. Tatizo hili huwakabili wote wanaonukuu simulizi za Kihunde na Kinyanga kutoka Kibua na vijiji vya jirani, penye mpaka wa Masisi na Walikale. Lugha hizi ni za toni. Hivyo kidatu ni sehemu ya neno lenyewe.

Mkanda ukizungushwa kwa nusu ya kasi yake, sauti hushuka kwa oktava nzima. Ni kweli kwamba tofauti baina ya toni ya juu na ya chini hubaki, kwa kuwa zote hushuka pamoja. Lakini mwangwi wa kinywa nao hushuka, irabu hupoteza sura zake, na sauti ya bibi hugeuka kuwa ya babu. Mnukuzi hupata nafasi ya kuandika, lakini hana tena uhakika wa anachokisikia.

Njia ya kutenganisha kasi na kidatu ilipendekezwa na Dennis Gabor mwaka 1946. Mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza mtambo wenye vichwa vya kusomea vinavyozunguka. Mtambo huo ulikata sauti katika vipande vifupi mno, ukarudia baadhi yake ili kurefusha usemi, au ukaviacha ili kuufupisha. Kwa kuwa mawimbi yaliyomo ndani ya kila kipande hayakuguswa, kidatu kilibaki kilivyo. Kasoro yake ilikuwa kwamba ulikata bila kuangalia umbo la wimbi, na viungo vikasikika. Mwaka 1993 Werner Verhelst na Marc Roelands wa Brussels walieleza njia inayotafuta kwanza mahali ambapo mawimbi ya vipande viwili yanafanana zaidi, ndipo ivipandishe kimoja juu ya kingine. Njia hiyo ndiyo inayotumika katika programu ya SoX, ambayo huweza kushughulikia folda nzima kwa amri moja:

```
mkdir -p polepole
for f in *.wav; do
  sox "$f" "polepole/$f" tempo -s 0.75
done
```

Alama ya `-s` huiambia programu kwamba sauti ni ya maneno, si ya muziki. Nakala huwekwa katika folda yake ili rekodi asilia zisiguswe. Simulizi ya dakika 12 itakuwa ya dakika 16, kwani 12 ikigawanywa kwa 0.75 hupatikana 16. Kama badala ya `tempo` lingeandikwa `speed`, urefu ungekuwa huohuo, lakini sauti ingeshuka karibu nusutoni tano.

Matumizi ya kizio kimoja kwa folda nzima yana faida yake. Tungo likisikika dakika ya 4 katika nakala yoyote, mnukuzi huzidisha kwa 0.75 na kujua kwamba katika rekodi asilia liko dakika ya 3. Marejeo yote huandikwa kwa saa ya rekodi asilia, na urefu wa irabu hupimwa humo tu, maana katika nakala baadhi ya vipande vimerudiwa. Kizio kikishuka hadi 0.5 au chini yake, kasoro huanza kusikika: kipasuo kama *t* au *k* huweza kugonga mara mbili. Hapo mnukuzi asiandike konsonanti mbili kabla ya kusikiliza asilia.

Hata hivyo, kuna rekodi moja isiyofaa kuingizwa katika mkumbo huo: ile iliyonaswa betri zikiwa zimechoka. Mkanda ulikwenda polepole wakati wa kunasa. Ukichezwa kwa kasi ya kawaida, msemaji huharakisha na sauti yake hupanda. Dalili ni kwamba sauti ya mtu yuleyule huzidi kuwa nyembamba kuelekea mwisho wa mkanda. `tempo` itapunguza haraka hiyo na kuacha kidatu cha uongo. Rekodi ya namna hii husahihishwa kwanza peke yake kwa `speed`, sehemu kwa sehemu, kwa kuilinganisha na sauti ya msemaji huyohuyo ya mwanzoni mwa mkanda. Ndipo irudishwe katika folda pamoja na nyingine.