Sheria ya kimataifa: Mkataba una tofauti gani na desturi?

Visiwa vya Wabajuni vimepangana kusini mwa Kismayo hadi karibu na Ras Kamboni, Somalia inapopakana na Kenya. Mpaka wa baharini wa nchi hizo ulibishaniwa kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) ilipotoa hukumu Oktoba 12, 2021. Je, mahakama hiyo ilitumia sheria ipi, ilhali hakuna bunge la dunia?

Kifungu cha 38 cha Katiba ya ICJ kinataja vyanzo vitatu vikuu: mikataba, desturi ya kimataifa na kanuni za jumla za sheria. Hukumu za mahakama na maandishi ya wataalamu ni vya kusaidia tu.

Mkataba ni maafikiano ya maandishi, na huifunga tu nchi iliyokubali kufungwa nao. Jina la hati si hoja. Mwaka 2009 mawaziri wa Kenya na Somalia walitia saini hati ya maelewano kuhusu bahari hiyo. Bunge la Somalia liliikataa, lakini mwaka 2017 ICJ iliamua kuwa hati hiyo ni mkataba halali, ulioanza kufanya kazi ulipotiwa saini.

Desturi haitiwi saini. Huthibitishwa kwa mambo mawili: nchi nyingi kutenda jambo kwa namna moja, na kufanya hivyo zikiamini kuwa sheria inazilazimu. Mazoea peke yake hayatoshi. Desturi ikishathibiti, huzifunga hata nchi zisizo na mkataba, isipokuwa ile iliyoipinga tangu mwanzo bila kuyumba.

Kenya haikutegemea desturi ya dunia, bali ukimya wa jirani yake. Ilidai kuwa tangu tangazo lake la mwaka 1979, Somalia ilikubali kimyakimya mpaka unaofuata mstari wa latitudo. ICJ ilikataa: ukimya huhesabiwa kuwa ridhaa pale tu ushahidi unapokuwa wa wazi na usioyumba. Ilizingatia pia kwamba vita viliinyima Somalia serikali kamili kati ya 1991 na 2005.

Kwa kuwa nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, mahakama ilitumia mkataba huo. Ilichora mstari wa kati karibu na pwani, kisha ikaurekebisha kwa kiasi kuelekea kaskazini kwenye bahari kuu, kwa manufaa ya Kenya.

Kukosekana kwa mkataba kusingeacha pengo. Mwaka 2012, katika kesi ya Nikaragua na Kolombia, ambayo haijaridhia mkataba huo, ICJ ilitumia kanuni zilezile za kugawa bahari, safari hii kama desturi.

Kenya iliikataa hukumu ya 2021. Hata hivyo, kwa mujibu wa Katiba ya ICJ, hukumu huzifunga pande zote mbili za kesi, wala haikatiwi rufaa.