Kwa nini aplikesheni inakuharibu sura ukipiga picha ya upande au gizani

Umeweka picha ikutengenezee katuni, ikakurudishia mtu usiyemjua? Mara nyingi kosa limetokea kabla hata ya kuchora. Aplikesheni hutafuta uso kwanza, ikaweka alama kwenye macho, pua, mdomo na taya, kisha hunyoosha picha kufuata alama hizo. Ukikaa upande, jicho moja halionekani, hivyo nafasi yake inakisiwa tu. Ndipo mdomo unaenda shavuni.

Gizani, picha inajaa chengachenga na vivuli vya pua na macho vinamezwa. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, kwa hiyo inaathirika mapema zaidi.

Ila mwanga sio kisingizio cha kila kitu. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, akiwa chuo cha MIT, programu haikuuona uso wake mpaka alipovaa barakoa nyeupe. Programu hizo zilifundishwa zaidi kwa picha za watu weupe.

Ukipiga tena, elekea dirishani, masikio yote mawili yaonekane, halafu gusa uso wako kwenye skrini ili kamera ipime mwanga hapo, sio ukutani.